Mvumo usiokoma kwenye bafle: jinsi ya kuusaka kutoka laptopu hadi prizi

Karibu kila anayenieleza tatizo hili amekwisha kununua waya mpya wa sauti. Wengine wamenunua wawili, na mvumo umebaki palepale. Mara nyingi waya hauna kosa lolote. Kosa liko kwenye njia ambayo umeme umeipata kupitia waya huo, na njia hiyo haionekani mpaka uanze kuchomoa vitu kwa mpangilio.

Mwongozo huu ni wa hali moja tu. Laptopu inapeleka sauti kwenye bafle yenye amplifaya ndani, kwa waya unaoanza na jeki ndogo ya 3.5 mm. Bafle inavuma "mmmm" nzito bila kukoma, hata muziki ukisimamishwa. Mifano nimeichukua Goma, kwenye makanisa na kumbi za sherehe, ila umeme wa Bukavu na Lubumbashi nao ni wa volti 220 na 50 Hz, kwa hiyo hatua hazibadiliki.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye chaji ya kutosha na tundu la jeki ya 3.5 mm. Kama simu yako haina tundu hilo, azima redio ndogo ya betri.
- Ralonji moja yenye matundu angalau matatu na waya wa ardhi wa kweli. Tazama ndani ya tundu: kwenye prizi za aina ya Kifaransa, pini ya chuma ya ardhi inatokeza. Ralonji nyingi za bei rahisi hazina pini hiyo, au zinayo kwa sura tu.
- Multimita ya kawaida, kama unayo. Si lazima.
- Waya wa sauti unaotumia sasa hivi. Usibadilishe kitu kabla ya kuanza.
- Mtu wa pili wa kusimama karibu na bafle na kusikiliza, kama laptopu iko mbali.

Transfoma ya kutenganisha sauti usiinunue bado. Kwanza tujue ugonjwa.

## Kinachotokea ndani ya waya

Waya wa jeki una nyuzi za ndani zinazobeba sauti, na wavu wa shaba unaozizunguka. Wavu huo una kazi mbili kwa wakati mmoja: unakinga nyuzi za ndani, na pia ndio njia ya kurudia ya sauti yenyewe. Udhaifu wote uko hapo. Kitu chochote kinachopita kwenye wavu, bafle inakihesabu kuwa ni sehemu ya muziki.

Sasa laptopu imechomekwa kwenye prizi moja na bafle kwenye prizi nyingine. Zote mbili zinafika kwenye ardhi ya jengo, lakini kwa nyaya tofauti, na ardhi ya prizi mbili haiwi sawa kabisa. Ni kama mapipa mawili ya maji yaliyojaa kwa viwango tofauti: ukiyaunganisha kwa mpira, maji yanatembea. Waya wako wa sauti ndio mpira huo. Umeme mdogo unatembea kwenye wavu kutoka chombo kimoja hadi kingine, unarudi kupitia nyaya za ardhi za ukutani, na mzunguko unakamilika: huo ndio mzunguko wa ardhi.

Kwa kuwa umeme wetu unatetema mara 50 kwa sekunde, mvumo unasikika kwenye 50 Hz na 100 Hz. Ni sauti ya chini kabisa, karibu na nyuzi nene ya gitaa la besi.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni mzunguko wa ardhi

Washa kila kitu kama kawaida, muziki ukiwa umesimama. Fanya majaribio matatu, kwa mpangilio huu.

Kwanza, punguza sauti kwenye laptopu hadi sifuri. Mvumo wa mzunguko wa ardhi haubadiliki, kwa sababu hautoki kwenye muziki bali kwenye wavu.

Pili, punguza sauti kwenye bafle. Hapa mvumo unatakiwa kupungua. Ukibaki vilevile hata kitufe kikiwa chini kabisa, shida iko ndani ya bafle yenyewe, mara nyingi ni kapasita za usambazaji wa umeme zilizochoka. Hiyo ni kazi ya fundi, na mwongozo huu hautakusaidia.

Tatu, punguza sauti ya bafle, chomoa waya wa sauti upande wa bafle, kisha rudisha sauti. Mvumo ukinyamaza, umethibitisha: unaingia kupitia waya.

Onyo moja linalowapotosha wengi. Usichomoe upande wa laptopu ukaacha waya unaning'inia kutoka kwenye bafle. Waya ulio wazi hunasa umeme wa hewani na kuvuma kwa nguvu, hasa ukiugusa kwa kidole. Mtu anasikia hivyo, anasema "basi waya ni mbovu," na safari ya kwenda Birere kununua mwingine inaanza.

## Hatua ya 2: Weka simu mahali pa laptopu

Chomeka simu kwenye waya uleule. Simu isiwe kwenye chaja. Cheza wimbo, kisha usimamishe.

Simu iliyo kwenye betri haijaunganishwa na ardhi popote, kwa hiyo mzunguko hauwezi kukamilika. Bafle ikinyamaza kabisa, umejua mambo mawili kwa mpigo: waya ni mzima, na bafle ni nzima. Ukivuma hata kwa simu, chezesha jeki kwa vidole. Mvumo unaokatika na kurudi ni wavu uliokatika karibu na jeki, na hapo ndipo waya mpya una maana.

Ukiwa na bafle mbili, fanya jaribio hili kwa bafle moja tu, ya pili ikiwa imechomolewa waya wa sauti. Bafle mbili zilizo kwenye prizi mbili tofauti zinaunda mzunguko zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu wavu wa kushoto na wavu wa kulia vinakutana kwenye jeki ya laptopu. Ndiyo maana mtu huapa kwamba laptopu yake iko kwenye betri, haijagusa umeme wowote, na bado inavuma. Anasema kweli.

## Hatua ya 3: Chomoa kimoja kimoja, na usirudishe

Hii ndiyo hatua ambayo watu hukosea zaidi, na inastahili subira.

Rudisha laptopu. Orodhesha kila waya unaoingia ndani yake: chaja, HDMI ya projekta au televisheni, USB ya printa au miksa, waya wa mtandao. Kila mmoja wao unaweza kuwa mlango wa ardhi. Sasa chomoa mmoja, sikiliza, uache hivyohivyo umechomolewa, kisha uende kwa unaofuata.

Sababu ya kutorudisha ni hii: mara nyingi milango ni miwili. Ukichomoa chaja, ukasikia bado inavuma, ukairudisha na kusema "si chaja," kisha ukachomoa HDMI na bado inavuma, utasema "wala si projekta." Kumbe ni zote mbili. Mmoja ukifungwa, umeme unapita kwa mwingine.

Chukua ukumbi mmoja wa korali, mtaa wa Ndosho. Laptopu iko mezani mbele, chaja yake ina waya wa ardhi na imechomekwa kwenye prizi ya ukuta wa kushoto. Bafle iko upande wa pili, waya wa sauti una urefu wa mita kumi hivi, na umeme wake unatoka prizi ya mlangoni. Projekta imefungwa darini, ina prizi yake ya tatu, na HDMI inashuka hadi mezani. Chaja ikichomolewa, mvumo unapungua kidogo. HDMI ikichomolewa chaja ikiwa bado nje, kimya. Chaja ikirudishwa peke yake, mvumo unarudi. HDMI ikirudishwa peke yake bila chaja, unarudi pia, na una nguvu zaidi. Maana yake kuna mizunguko miwili, na ule wa projekta ndio mkubwa. Aliyeishia kwenye chaja angekaa anavuma hadi leo.

Sasa tazama mizunguko hiyo miwili kwa karatasi. Mmoja unapita chaja, laptopu, waya wa sauti, bafle. Mwingine unapita projekta, HDMI, laptopu, waya wa sauti, bafle. Yote miwili inapita kwenye waya wa sauti. Ukiukata mzunguko hapo, hujali tena kuna milango mingapi. Tutarudi kwenye hilo katika hatua ya 6.

Hatua imefaulu pale unapoweza kuunyamazisha na kuurudisha mvumo kwa kupenda kwako, kwa kuchomoa na kuchomeka waya unaoujua.

### Chaja yenye pini mbili nayo

Usidhani chaja isiyo na waya wa ardhi haina hatia. Ndani yake kuna kapasita ndogo inayovujisha umeme kidogo sana kutoka upande wa volti 220 hadi kwenye mwili wa laptopu. Ndio ule mwasho unaousikia ukipitisha mkono taratibu juu ya laptopu ya bati. Umeme huo unatafuta ardhi, unaipata kupitia wavu wa sauti hadi kwenye bafle. Sauti yake huwa kali zaidi, "zzzz" kuliko "mmmm," na wakati mwingine unasikia mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza kipanya.

## Hatua ya 4: Pima, kama una multimita

Weka multimita kwenye volti za umeme wa AC. Chomoa waya wa sauti upande wa bafle tu. Gusa ncha moja ya multimita kwenye ganda la chuma la jeki iliyochomolewa, na nyingine kwenye chuma cha tundu la bafle.

Ukisoma sehemu ndogo ya volti moja, hiyo ni tofauti ya kawaida ya ardhi mbili, na inatosha kuvuma. Ukisoma karibu nusu ya umeme wa nyumba, tuseme kati ya volti 70 na 110, na chaja ni ya pini mbili, usitishike: ni mvujo wa kapasita, hauna nguvu nyuma yake.

Ukisoma karibu 220, acha. Usiguse vyombo viwili kwa mikono miwili, zima swichi kuu, mwite fundi wa umeme. Hapo kuna chombo chenye mwili uliobeba umeme, au prizi iliyofungwa vibaya, na mvumo ni dogo katika matatizo yako.

## Hatua ya 5: Prizi moja kwa wote

Dawa ya kwanza haina gharama. Chomeka bafle na chaja ya laptopu kwenye ralonji moja yenye ardhi, kutoka prizi moja ya ukutani. Projekta pia, kama waya wake unafika.

Ardhi za vyombo sasa zinakutana sentimita chache kutoka kila kimoja, badala ya kukutana mbali huko ndani ya ukuta. Tofauti kati yao inakuwa ndogo sana, na mvumo unashuka, mara nyingine unakwisha. Usiongeze pasi wala birika la umeme kwenye ralonji hiyo.

Kwenye kumbi kubwa huwa ni rahisi zaidi kurefusha umeme kwenda kwenye bafle kuliko watu wanavyofikiri: ralonji inafuata njia ileile ya waya wa sauti, ikiachana nao kwa upana wa kiganja.

Wakati uko hapo, panga sauti upya. Laptopu nyingi hutoa karibu volti 1 zikifunguliwa hadi mwisho. Tuseme mvumo kwenye wavu ni milivolti 5. Laptopu ikiwa juu, muziki ni mara 200 ya mvumo. Laptopu ikipunguzwa hadi itoe milivolti 50, na bafle ikaongezwa ili kufidia, muziki ni mara 10 tu ya mvumo. Kwa hiyo laptopu iwe juu, karibu asilimia 85 au 90, na kitufe cha bafle ndicho kishuke. Hili haliponyi mzunguko, ila nimeona kumbi ambako lilitosha.

### Mambo mawili ambayo usifanye

Kuna fundi atakayekwambia: "Papa, weka tu adapta ya pini mbili kwenye bafle, itanyamaza." Itanyamaza, kweli. Lakini waya wa ardhi wa bafle upo ili siku umeme utakapogusa bati ndani, ukimbilie ardhini na kukata fyuzi. Ukiuondoa, umeme huo utapita kwenye wavu wa sauti hadi laptopu, au utamsubiri mwimbaji atakayeegemea bafle akiwa ameshika maikrofoni. Hata utepe juu ya pini ni kosa lilelile.

La pili nalisikia zaidi Goma kuliko kwingine. Watu husema shida ni lava: chuma cha ardhi hakishuki vizuri kwenye mwamba, basi tuchimbie bafle chuma chake. Ni kweli kwamba mwamba wa lava unapitisha umeme vibaya, na sehemu ya mji imejengwa juu ya ile ya volkano ya Nyiragongo iliyopita katikati ya mji Januari 2002. Ardhi nzuri huko ni kazi. Lakini mzunguko hauhitaji ardhi mbaya, unahitaji ardhi mbili. Ukichimbia bafle chuma cha pekee, umezitenga ardhi mbili zaidi ya zilivyokuwa, mvumo unakua, na ikitokea hitilafu mwili wa bafle na mwili wa laptopu vinaweza kuachana kwa volti nyingi.

## Hatua ya 6: Kata mzunguko kwenye waya wa sauti

Kama ralonji moja haikutosha, au haiwezekani, hapa ndipo pa kutumia pesa. Tazama nyuma ya bafle, uone ina matundu gani.

Bafle yenye tundu la pini tatu (XLR). Tundu hili linasoma tofauti kati ya pini ya 2 na ya 3, na linapuuza kile kinachofanana kwenye zote mbili. Tunaweza kulitumia hata kama laptopu yetu haina kitu cha namna hiyo. Mwambie fundi atumie waya wa maikrofoni, wenye nyuzi mbili ndani na wavu, na auchome hivi:

- Uzi wa kwanza: kutoka ncha ya jeki ya laptopu hadi pini ya 2.
- Uzi wa pili: kutoka ganda la jeki hadi pini ya 3.
- Wavu: kwenye pini ya 1 upande wa bafle tu. Upande wa jeki ukatwe na ufunikwe, usiguse kitu.

Sasa wavu haupeleki umeme popote, na kilichobaki kwenye uzi wa pili bafle inakitoa yenyewe. Mvumo unashuka sana, ingawa si kila mara hadi sifuri. Waya huu unachukua upande wa kushoto pekee. Kwenye laptopu weka sauti iwe ya mono katika mipangilio ya usikivu, usije ukapoteza nusu ya wimbo.

Jihadhari na waya uliotengenezwa tayari, jeki ndogo upande mmoja na XLR moja upande wa pili. Nyingi hupeleka kushoto kwenye pini ya 2 na kulia kwenye pini ya 3. Bafle inatoa moja kutoka kwa nyingine, na kilicho katikati ya wimbo kinafutika. Utausikia: ngoma na gitaa za pembeni zipo, mwimbaji yuko mbali kama yuko nje ya dirisha. Huo si mvumo, ila watu huleta malalamiko yote mawili pamoja.

Bafle yenye matundu ya AUX au RCA tu. Hapa ni transfoma ya kutenganisha sauti, kile kikopo kidogo chenye jeki pande zote mbili, kinachouzwa pia kwa redio za magari. Ndani kuna transfoma mbili ndogo. Muziki unavuka kwa sumaku, shaba haigusani na shaba, mzunguko umekatika. Vile vya bei ya chini vina chuma kidogo ndani, kwa hiyo besi inapungua na inakwaruza ukiipandisha sana. Kama ukikisikia kinakwaruza, shusha laptopu hadi asilimia 60 hivi. Sasa mvumo haupo, huna sababu ya kubaki juu.

Kiweke karibu na bafle, mbali na chaja na ralonji. Ni transfoma, na inaweza kunasa sumaku ya chaja iliyo kando yake.

Sanduku la DI, linalopokea jeki upande mmoja na kutoa XLR upande wa pili. Ukilipata la kuazima, ni zuri kuliko kikopo. Bonyeza swichi iliyoandikwa GND LIFT, na bafle uiweke kwenye MIC badala ya LINE, kwa sababu sanduku lisilo na betri linashusha sauti sana.

Blututhi nayo inakata mzunguko kabisa, kwa kuwa hakuna waya. Kwa muziki wa kusubiria ibada inatosha. Kwa video kuna uchelewaji, midomo itatangulia sauti.

## Hatua ya 7: Rudisha vyote, sikiliza upya

Rudisha chaja, HDMI, printa, bafle ya pili, kila kitu. Muziki usimame, laptopu ibaki pale ulipoiweka, bafle iwe kwenye kiwango cha sherehe. Simama mita moja mbele yake. Unachotakiwa kusikia ni "shhh" nyepesi ya amplifaya, basi. Ukirudi mvumo, kuna waya mwingine unaozunguka kile ulichokata, kawaida ni wa bafle ya pili: nayo inahitaji kikopo au waya wake.

Kisha ngoja umeme ukatike, na hautakusubirisha sana, usikilize tena kwenye jenereta au inveta. Inveta za bei rahisi hutoa umeme wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini, na "zzzz" yake hupenya njia ambazo 50 Hz ya kawaida haikupenya. Kama kumbi yako huwa inaendeshwa na inveta siku za Jumapili, fanya hatua ya 3 tena siku hiyo, si Jumanne umeme wa mji ukiwepo.